Kukagua hesabu za silinda, koni na tufe bila kuzirudia zote

*"Mwalimu, napitia rundo la hesabu za ujazo na eneo la silinda, koni na tufe walizofanya wengine. Majibu mengi hayalingani na yangu, mengine hayana kizio chochote, na sitaki kurudia kila hesabu tangu mwanzo. Nitajuaje haraka kama mtu amekosea kanuni au ameteleza kwenye vipimo tu?"*

Weka kikokotoo pembeni kwanza. Tafuta mstari ambao kanuni imeandikwa kabla namba hazijaingizwa, kisha hesabu ni vipimo vingapi vya urefu vilivyozidishwa pamoja. Nusukipenyo ni urefu, kipenyo ni urefu, kimo ni urefu, na mshazari wa koni nao ni urefu. Namba kama 2, 4, 1/3 na π si urefu, hizo ziruke. Kanuni ya eneo lazima iwe na vipimo viwili vya urefu vilivyozidishwa. Kanuni ya ujazo lazima iwe navyo vitatu.

Ujazo wa silinda ni πr²h: r imeingia mara mbili, h mara moja, jumla tatu. Sawa. Uso uliopinda wa silinda hiyohiyo ni 2πrh: r moja, h moja, jumla mbili. Sawa. Sasa mtu akikuandikia kwamba ujazo wa tufe ni 4/3 × πr², huna haja ya kusoma mstari unaofuata. Hiyo ina vipimo viwili tu, haiwezi kuwa ujazo wa kitu chochote duniani, hata jibu lake likitokea kufanana na la kwako. Akiandika eneo lote la silinda kuwa 2πr² + h, amejumlisha eneo na urefu, jambo ambalo halina maana: mita za mraba hazijumlishwi na mita. Kila kipande kwenye jumla lazima kiwe na idadi ileile ya vipimo.

Kipimo hiki kinanasa makosa mengi kwa sekunde chache, lakini ujue kinapoishia. Hakioni namba tupu. Aliyesahau theluthi kwenye koni akaandika πr²h atapita, kwa sababu vipimo bado ni vitatu. Aliyetumia kimo mahali pa mshazari, akaandika uso uliopinda wa koni kuwa πrh, naye atapita. Na aliyeweka kipenyo mahali pa nusukipenyo atapita vilevile, maana vyote viwili ni urefu. Hao watatu tutawakamata kwa njia nyingine hapa chini.

Kabla ya hapo, nieleze kwa nini vizio siyo pambo la mwisho wa jibu. Chukua tufe lenye nusukipenyo cha sentimita 3. Ujazo wake ni 4/3 × π × 27, yaani 36π. Eneo la uso wake ni 4 × π × 9, yaani 36π. Namba ileile kabisa, takriban 113.1. Aliyeulizwa ujazo akatumia kanuni ya eneo atapata 113.1, na ukikagua kwa kulinganisha namba peke yake utampa alama zote. Kitakachomfichua ni kizio: ujazo ni sentimita za ujazo 113.1, eneo ni sentimita za mraba 113.1.

Wala si tufe peke yake. Koni yenye nusukipenyo 6 na kimo 8 ina mshazari wa 10, na ukihesabu utaona ujazo wake ni 96π na eneo lake lote, kitako kikiwemo, ni 96π. Silinda yenye nusukipenyo 3 na kimo 6 ina ujazo wa 54π na eneo lote la 54π. Mimi maumbo ya namna hii huyakwepa ninapotunga maswali, na nikiyakuta kwenye rundo la kukagua hupunguza mwendo.

Sababu yake inafaa kuijua, kwa kuwa inakupa silaha ya kukagulia. Fikiria tufe limekatwa vipande vingi vyembamba vyenye umbo la piramidi, ncha zote zikikutana katikati na vitako vyote vikiwa usoni. Kimo cha kila kipande ni nusukipenyo cha tufe, na ujazo wa piramidi ni theluthi ya kitako mara kimo. Ukizijumlisha zote, ujazo wa tufe ni theluthi ya nusukipenyo mara eneo lote la uso. Nusukipenyo kikiwa 3, theluthi yake ni 1, basi namba za ujazo na eneo zinagongana. Ile koni ya 6, 8 na 10 ina nafasi ya tufe la nusukipenyo 3 ndani yake, likigusa kitako na ubavu pande zote. Ile silinda nayo inalibana tufe hilohilo juu, chini na kandokando. Ndiyo maana yanayotokea kwenye tufe yanatokea na kwao.

Kwa hiyo mtu akiwa amehesabu ujazo na eneo la tufe moja, gawanya ujazo wake kwa eneo lake. Lazima upate theluthi ya nusukipenyo. Usipoipata, angalau moja kati ya majibu hayo mawili ni bovu, na umelijua hilo kwa mgao mmoja tu. Silinda nayo ina yake: ujazo ukiugawanya kwa eneo la uso uliopinda pekee, bila vifuniko, unapata nusu ya nusukipenyo. Na ukitaka kuona jinsi mgongano wa namba ulivyo wa bahati tu, badilisha kizio. Tufe lilelile la sentimita 3 ni la milimita 30, na kwa milimita ujazo unakuwa 36,000π na eneo 3,600π. Ufanano umetoweka, ingawa kitu chenyewe hakijabadilika hata kidogo.

Silinda inayolibana tufe ilimpendeza sana Arkimedi wa Sirakusa, aliyeonyesha kwamba tufe ni theluthi mbili ya silinda hiyo kwa ujazo na pia kwa eneo lote. Alitaka umbo hilo liwekwe juu ya kaburi lake, na mwaka 75 K.K. Sisero, akiwa ofisa wa Roma kisiwani Sisilia, alilitambua kaburi lililokuwa limefunikwa na vichaka kwa kuona tufe na silinda juu ya nguzo. Sisi tunachohitaji kwake ni uwiano. Ukiweka koni, tufe na silinda zenye kipenyo kimoja, na kimo cha kila kimoja kikiwa sawa na kipenyo hicho, ujazo wao unakuwa kama 1 kwa 2 kwa 3.

Uwiano huo unageuka kuwa chombo cha kukagulia ukiliwazia kila umbo likiwa ndani ya boksi linalolibana. Silinda inajaza asilimia 79 hivi ya boksi lake. Tufe linajaza asilimia 52. Koni inajaza asilimia 26. Kimo cha silinda au koni hakijalishi, asilimia inabaki ileile. Uzuri wake ni kwamba boksi unalipata kwa kipenyo moja kwa moja: kipenyo mara kipenyo mara kimo. Hugusi nusukipenyo wala kanuni ambayo mwenzako huenda ameikosea, kwa hiyo kosa lake haliwezi kukuambukiza.

Tuchukue sasa hesabu moja tuikague mpaka mwisho. Tangi lina silinda katikati, koni upande wa chini ncha ikiangalia chini, na nusutufe juu. Kipenyo ni mita 1.2, kimo cha silinda ni mita 2.5, na kimo cha koni ni sentimita 80. Inatakiwa ujazo wa tangi, kisha eneo la nje litakalopakwa rangi. Karatasi ya ujazo imeletwa hivi:

Silinda: 3.14 × 1.2² × 2.5 = 11.304
Koni: 1/3 × 3.14 × 0.6² × 80 = 30.144
Nusutufe: 4/3 × 3.14 × 0.6³ = 0.90432
Jumla: 42.35

Anza na boksi la tangi zima. Upana ni mita 1.2 kila upande, na kimo chote ni 2.5 na 0.8 na 0.6 ya nusutufe, jumla mita 3.9. Boksi ni 1.2 × 1.2 × 3.9, yaani mita za ujazo 5.6 na ushee. Tangi haliwezi kuzidi boksi lililolibeba, na hapa limelizidi mara saba. Hata bila boksi, jicho lingeshtuka kuona koni ya 30 chini ya silinda ya 11. Koni yenye kitako sawa na silinda na kimo sawa ni theluthi yake, na hii ni fupi kuliko silinda.

Sasa ingia kipande kwa kipande, na katika kila kimoja gawanya jibu lake kwa kadirio la boksi. Boksi la silinda ni 1.2 × 1.2 × 2.5 = 3.6, na asilimia 79 yake ni kama 2.84. Yeye ana 11.304. Uwiano ni 4 hivi. Namba 4 kwenye ujazo wa silinda karibu kila mara ina maana moja: kipenyo kimepandishwa kwenye kipeo cha pili badala ya nusukipenyo. Rudi kwenye mstari, utaona 1.2² pale ambapo palitakiwa 0.6². Jibu sahihi ni 3.14 × 0.36 × 2.5 = 2.826.

Boksi la koni ni 1.2 × 1.2 × 0.8 = 1.152, na asilimia 26 yake ni 0.30. Yeye ana 30.144. Uwiano ni 100 hivi, na uwiano wa 10, 100, 1,000 au milioni hausababishwi na kanuni yoyote ya maumbo haya. Hilo ni kosa la kizio. Kanuni yake ni sahihi, nusukipenyo chake ni sahihi, lakini sentimita 80 zimeingia kwenye hesabu ya mita bila kugeuzwa kuwa 0.8. Jibu sahihi ni 0.30144.

Boksi la nusutufe ni 1.2 × 1.2 × 0.6 = 0.864, na asilimia 52 yake ni 0.45. Yeye ana 0.904, yaani mara mbili. Amehesabu tufe zima. Kanuni ya nusutufe ni 2/3 × πr³, na jibu ni 0.45216.

Jumla iliyosahihishwa ni 2.826 + 0.30144 + 0.45216 = 3.5796, yaani mita za ujazo 3.58. Kwa lita ni kama 3,580, kwa kuwa mita moja ya ujazo ni lita 1,000.

Umeona kwamba hatukumwambia mwenye karatasi "umekosea, rudia". Tuna makosa matatu ya aina tatu tofauti, na kila moja lina tiba yake. Kwa la kwanza anahitaji kuangalia mchoro vizuri: mshale wa kipimo unaishia katikati ya duara au unalivuka lote? Kwa la pili anahitaji kugeuza vizio vyote kabla ya kuanza. Kwa la tatu anahitaji kusoma umbo.

Kuna uwiano mwingine wa kuukumbuka. Koni ikizidi mara 3, theluthi imesahauliwa. Tufe likizidi mara 8, kipenyo kimepandishwa kwenye kipeo cha tatu. Eneo la tufe likizidi mara 4, ni kipenyo tena. Lakini usiufanye uwiano kuwa hakimu peke yake. Koni iliyozidi mara 4 inaweza kuwa imetumia kipenyo, na inaweza pia kuwa imeazima 4/3 ya tufe mahali pa 1/3. Namba ni ileile, makosa ni mawili tofauti kabisa. Uwiano unakuambia pa kutazama. Mstari wenyewe ndio unaotoa ushahidi. Asiyeonyesha mstari, akakuletea jibu tupu, mwombe mstari.

Kwenye eneo uwiano haufanyi kazi vizuri hivyo, kwa sababu eneo mara nyingi ni jumla ya nyuso kadhaa na kosa huwa ni uso uliozidi au uliopungua. Hapo mimi hutumia ujanja mwingine: ondoa π. Gawanya kila jibu kwa π ileile aliyotumia mhusika, na namba zitabaki safi kiasi kwamba unaweza kuzisoma. Karatasi ya eneo la tangi letu ilikuja hivi:

Silinda: 2 × 3.14 × 0.6 × (0.6 + 2.5) = 11.6808
Koni: 3.14 × 0.6 × 0.8 = 1.5072
Nusutufe: 3 × 3.14 × 0.6² = 3.3912
Jumla: 16.58

Safari hii vizio vimegeuzwa na nusukipenyo ni sahihi kote. Kila kanuni ina vipimo viwili vya urefu, kwa hiyo kipimo cha kwanza kimepita. Hata jumla haishtui macho. Sasa ondoa π.

Silinda inabaki 3.72. Uso uliopinda wa silinda ukiuchana wima na kuufungua unakuwa mstatili, upande mmoja ukiwa mzingo na mwingine kimo, yaani 2rh bila π: 2 × 0.6 × 2.5 = 3. Zimezidi 0.72, ambazo ni 2 × 0.36, yaani 2r². Hiyo ndiyo alama ya vifuniko viwili. Ametumia kanuni ya eneo lote la silinda iliyofungwa, ambayo ni sahihi kwa kopo, lakini kwenye tangi hili duara la juu limefunikwa na nusutufe na la chini limeunganishwa na koni. Hakuna brashi inayofika pale.

Koni inabaki 0.48, ambayo ni 0.6 × 0.8. Ametumia kimo. Uso wa koni haupandi wima, unapanda kwa mshazari, na mshazari unapatikana kwa kanuni ya Pithagorasi: 0.6² + 0.8² = 0.36 + 0.64 = 1, kipeuo chake cha pili ni 1. Kwa hiyo ilitakiwa 0.6 × 1 = 0.6. Kwenye koni yoyote mshazari lazima uwe mrefu kuliko kimo na mrefu kuliko nusukipenyo, lakini mfupi kuliko vyote viwili vikijumlishwa. Na uso uliopinda lazima uwe mkubwa kuliko duara la kitako chake, kwa kuwa ukiushusha na kuulaza ungelifunika duara hilo na kubaki. Kipimo hicho cha pili kinasaidia sana kwenye koni zilizotandaa, ambako kimo kiko chini ya nusukipenyo: aliyetumia πrh hapo anapata uso mdogo kuliko kitako, na kosa linajionyesha lenyewe.

Nusutufe inabaki 1.08, yaani 3 × 0.36. Uso uliopinda wa nusutufe ni 2πr². Ile πr² ya tatu ni duara bapa la chini, ambalo hapa liko ndani ya tangi. Ilitakiwa 0.72.

Sahihi ni 3 + 0.6 + 0.72 = 4.32, mara 3.14 ni 13.5648, yaani mita za mraba 13.6. Sasa angalia makosa yalivyosaidiana kujificha. Silinda na nusutufe zilizidisha, koni ikapunguza. Nyuso zikiwa nyingi zaidi, makosa ya kupanda na kushuka yanaweza kukaribia kufutana, na jumla ikaonekana nzuri. Ndiyo sababu kwenye umbo lililounganishwa sikagui jumla kabla ya vipande.

Na ukitazama kwa makini utaona mtego mwingine. Vile vifuniko viwili vya silinda vina eneo la 2π × 0.36, na uso uliopinda wa nusutufe una eneo la 2π × 0.36. Vyote ni 2.2608. Mtu anaweza kuacha nusutufe kabisa, akaweka vifuniko, na eneo la jumla likatoka sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Kizio hakitakusaidia hapo, vyote ni mita za mraba. Ni jina la uso tu, lililoandikwa mwanzoni mwa mstari, ndilo litakalokuonyesha kilichotokea. Kwa hiyo kwenye kazi ninazozisimamia nataka kila mstari uanze na jina la uso au kipande na uishe na kizio chake.

Nikisema uishe na kizio, sina maana ya mstari wa mwisho peke yake. Kizio kinachokosekana mwisho ni kasoro ya uandishi. Kinachokosekana katikati ndicho kinachoharibu hesabu. Kama kwenye koni ya ujazo angeandika 0.6 m × 0.6 m × 80 cm, kalamu ingesimama yenyewe, kwa kuwa m² mara cm haileti kizio chochote kinachojulikana. Jibu la 3.58 lisilo na kizio, mistari yake yote ikiwa sahihi, mimi hulihesabu kuwa hesabu sahihi yenye jibu pungufu, na alama inayopotea ni ndogo. Jibu la 3.58 lenye m² badala ya m³ nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu linaonyesha mtu hajui alichokipata.

Kugeuza vizio baada ya kupata jibu nako kuna kosa linalojirudia. Mita moja ni sentimita 100, lakini mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, na mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000. Ukikuta mtu ameandika kwamba 3.58 m³ ni 358 cm³, amegeuza urefu pale alipotakiwa kugeuza ujazo. Sentimita za ujazo 358 ni pungufu ya nusu lita. Ziwazie ndani ya tangi linalokaribia mita nne kwenda juu, na hutahitaji hesabu nyingine.

Limebaki suala la tofauti ndogo, ambalo huwapotezea wakaguzi muda bila sababu. Ujazo wetu kwa 3.14 ni 3.5796, kwa π ya kikokotoo ni 3.5814, na kwa 22/7 ni 3.5829. Hakuna aliyekosea. Wote watatu wakikadiria kwa tarakimu tatu wanapata 3.58. Majibu mawili yakitofautiana kwa chini ya sehemu moja katika elfu, huo ni mgongano wa thamani za π na makadirio, hivyo tazama kanuni na kizio, kisha songa mbele. Ila anayekadiria katikati ya njia ni habari nyingine: aliyekata mshazari wa 7.28 kuwa 7 kabla ya kuzidisha ametupa karibu asilimia 4 ya uso, na hiyo haisameheki kwa jina la π.

Uwiano usipotoka namba safi, jaribu kuuvunja, maana makosa mawili kwenye mstari mmoja huzidishana. Koni iliyozidi mara 12 ni 3 mara 4: theluthi imesahauliwa na kipenyo kimetumika. Iliyozidi mara 400 ni 4 mara 100: kipenyo, pamoja na sentimita zisizogeuzwa. Na ukikutana na koni iliyopungua mara 9.87 huku kanuni, vipimo na vizio vyote vikiwa sahihi kwenye karatasi, usimlaumu mwandishi kwanza. Hiyo ni π mara π. Kwenye baadhi ya vikokotoo, ukibonyeza 1÷3π bila alama ya kuzidisha, mashine inaichukua 3π yote kuwa ya kugawanyia, kwa hiyo π inashuka chini badala ya kukaa juu. Mwambie abonyeze (1÷3)×π, mabano yakiwemo, na jibu litarudi mahali pake.